Lebo Yenye Makala Moja

Saratani ya retina humpata mtoto angali mdogo, na ishara yake ya kwanza huonwa na mama kabla ya daktari yeyote: mboni ya jicho, badala ya kuwa nyeusi, hung'aa nyeupe katika picha. Mtoto akiletwa mwezi huohuo, aghalabu hupona, na pengine jicho lenyewe huokolewa. Akicheleweshwa nusu mwaka, jicho huondolewa; na ugonjwa ukishapenya kwenye mshipa uendao ubongoni, kinachogombewa si jicho tena. Blogu ya hospitali yetu ya macho ya watoto ilianzishwa kwa ajili ya hiyo miezi sita, ili mama aliyeona kitu cha ajabu asiipoteze kwa kubahatisha.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya ghala la mafaili ya wagonjwa. Kilikuwa na dirisha moja, meza tatu na feni iliyolalamika kuliko ilivyopuliza. Meza ya kwanza ilikuwa ya Sista, muuguzi wa miaka kumi na tisa wodini, ambaye ndiye aliyeandika makala nyingi. Ya pili ilikuwa yangu. Nilikuwa mhariri wa lugha baada ya kustaafu ualimu, na hospitali nzima iliniita Mwalimu. Ya tatu ilikuwa ya fundi wa tovuti, binti wa binti yangu mkubwa. Sikumwombea kazi. Alinitangulia humo, akiwa amesailiwa na watu wasiomjua babu yake, na jambo hilo lilinipa fahari ambayo sikuwahi kumwonyesha.

Ugomvi wa neno ulianza kabla ya ugomvi wa lebo. Sista alikuwa ameandika makala juu ya saratani ya retina, na katika aya ya kwanza aliita ile ishara "jicho la paka". Nililikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake: "mng'ao mweupe wa mboni".

"Mwalimu," alisema Sista, akinirudishia karatasi kana kwamba ndimi niliyekosea, "hakuna mama duniani aliyekaa kitandani na mwanawe akasema, ala, mbona mboni yako ina mng'ao mweupe."

"Hospitali si kijiweni, Sista. Tukianza kusema kwa lugha ya vichochoroni, nani atatuamini?"

"Na 'mtoto wa jicho' mbona umeliacha kwenye makala ile nyingine? Nalo si la vichochoroni? Jicho limezaa lini?"

"Hilo limo katika kamusi."

"Haya. Basi na paka naye atafutiwe nafasi humo kamusini, maana kwangu wodini keshahamia."

Mjukuu wangu alicheka hadi akafunika mdomo. Mimi sikucheka. Makala ilitoka na maneno yangu, chini ya kichwa nilichokiunda mwenyewe: "Saratani ya Retina kwa Watoto: Dalili, Uchunguzi na Tiba". Kilikuwa kichwa kilichonyooka, na hadi leo sioni kosa lolote la kisarufi ndani yake.

Sista hakubishana tena. Alifanya alichoweza kufanya bila kupita mezani pangu: aliipachika makala lebo, yaani neno la kuipangia mahali pake ndani ya blogu, na lebo yenyewe ikawa "jicho la paka". Kila lebo mpya huzaa ukurasa wake wenyewe, unaokusanya makala zote zilizobandikwa neno hilo. Huu wake ulikusanya makala moja tu. Lakini juu ya ukurasa huo Sista aliandika maelezo ya sentensi nne. Alieleza kwamba mboni inayong'aa nyeupe pichani kama jicho la paka gizani huweza kuwa mtoto wa jicho na huweza kuwa saratani, kwamba haiumi, kwamba haingojwi, na siku za kliniki zetu. Nilipoona maneno kama hayo yakining'inia chini ya makala, nilimwagiza mjukuu wangu azifiche lebo zote zisionekane pale. Alizificha. Kurasa zake zilibaki, na roboti za injini za utafutaji zikaendelea kuzifikia kwa njia ya ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zote ambayo roboti huisoma.

Mwaka uliofuata, mnamo Mei, Sista alipelekwa kwenye kliniki za kutembelea, kazi ya miezi mingi mbali na ofisi. Mwezi huohuo tuligundua kwamba blogu inazama. Makala ya mtoto wa jicho, iliyokuwa ikijitokeza juu kila mtu alipotafuta, ilikuwa imeshuka hadi mahali ambapo hakuna kidole kinachofika. Mkurugenzi alitaka maelezo na mpango wa kurekebisha kabla ya kikao cha Ijumaa.

Alhamisi asubuhi mjukuu wangu alinigeuzia kioo cha kompyuta yake.

"Babu, tuna makala mia moja na arobaini. Lebo unadhani tunazo ngapi?"

"Hamsini."

"Elfu moja na mia moja."

Nilidhani ananitania, akanionyesha. Kila aliyewahi kupandisha makala alikuwa ameibandika alichojisikia. Kulikuwa na "mtoto", "watoto", "mtoto mdogo" na "mtoto wangu". Kulikuwa na "miwani" na "miwanii". Kulikuwa na lebo iliyosema "daktari hayupo leo".

"Huyu ni nani?"

"Mtu wa mapokezi, Babu. Alidhani anatuma ujumbe."

Kisha akanieleza, naye hueleza vizuri kwa sababu hapendi kuonekana msomi. Nyingi katika kurasa hizo zilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara: kichwa, na mistari miwili iliyonakiliwa kutoka kwenye makala ambayo tayari ina ukurasa wake. Roboti ya utafutaji ikija kwetu, kwa kila ukurasa wenye maana hukuta karibu nane zisizo na kitu. Hakuwa na uhakika kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya kuzama kwetu, lakini ilikuwa takataka iliyopaswa kufagiliwa kwa vyovyote.

"Tuzifute," nikasema.

"Zinazofanana tutaziunganisha, na za kipuuzi tutazifuta. Nyingine zinamsaidia msomaji akiwa ndani ya blogu, kwa hiyo tunaziwekea noindex."

"Nalo ni dudu gani?"

"Ni neno moja linalokaa kwenye kichwa cha ukurasa, msomaji halioni. Linaiambia injini ya utafutaji: nisome ukipenda, lakini usiniweke kwenye faharasa yako. Aliyemo ndani ya blogu atabofya na ukurasa utafunguka. Aliye nje, akitafuta, hautamtokea kamwe."

"Kama mwanafunzi aliyeketi darasani ilhali jina lake halimo katika rejista."

"Hapohapo. Tena tusizifungie mlango kwa lile faili la kuzuia roboti, maana roboti ikizuiwa kuingia haitaliona hilo neno."

Kategoria, ambazo ni mafungu makubwa ya blogu, hazikutusumbua. Zilikuwa tisa. Saba zilikuwa na utangulizi wake na makala za kutosha, tukaziacha zionekane; mbili, "Matangazo" na "Mengineyo", tukakubaliana zitolewe. Kazi ilikuwa kwenye lebo. Niliuliza kipimo ni kipi.

"Idadi ya makala ni dalili, Babu, si ugonjwa. Lebo ya makala moja mara nyingi haina kitu, lakini si kila mara. Nataka nizipitishe kwenye ripoti ya utafutaji, nione kila ukurasa umejitokeza mara ngapi na umebofywa mara ngapi, watu wakitafuta nini. Halafu nione kama kuna mtu aliyeuandikia maelezo yake. Ukurasa unaomletea mtu jibu asilolipata kwingine hautolewi, hata ungekuwa na makala moja. Nipe hadi Jumatatu."

"Kikao ni kesho."

"Waambie kazi inaendelea."

"Mkurugenzi hakuuliza kama kazi inaendelea. Weka kanuni. Lebo yenye makala chini ya tatu, nje."

"Babu, kanuni hiyo ni panga."

"Kanuni yenye visamaha mia si kanuni, ni baraza la mashangazi. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na sita, mjukuu wangu. Ukianza kumwonea huruma mmoja, huna tena alama za kumpa mwingine."

"Lebo nyingi ni za Sista. Tumpigie simu basi."

"Nitamweleza akirudi."

Alinitazama kidogo. Nyumbani kwetu mtoto hafundishwi kumwambia mkubwa "umekosea"; hufundishwa kunyamaza kwa namna fulani. Alinyamaza kwa namna hiyo, nami niliitambua, nikaichukulia kuwa adabu.

"Sawa, Babu," akasema, akanichapia orodha.

Zilikuwa kurasa ishirini na mbili. Nilikaa nazo mchana kutwa, rula mkononi, nikiweka alama nyekundu kwenye kila lebo iliyopungukiwa. Kwenye ukurasa wa saba nilikuta "jicho kavu", makala nne, nikaipita. Chini yake palikuwa na "jicho la paka", makala moja.

Laiti ningeweza kusema kwamba sikuiona. Niliiona. Nilikumbuka siku ile ya kalamu, na kicheko cha mjukuu wangu, na nilipoweka alama ile nilihisi kitulizo cha mtu aliyekuta takataka aliyoitupa jana imerudi mlangoni, akaitupa mara ya pili. Sikuufungua ukurasa wenyewe. Kanuni haikunitaka niufungue. Mwishoni nilitia sahihi, kwa niaba yangu na kwa niaba ya Sista.

Mjukuu wangu aliitekeleza kazi jioni ileile. Lebo mia tisa na sita ziliwekewa noindex na kuondolewa katika ramani ya tovuti. Baada ya miezi miwili na nusu, makala ya mtoto wa jicho ilikuwa imerudi juu, pamoja na nyingine kumi na moja. Mkurugenzi alinisimamisha mbele ya kikao, akasema kwamba wazee wana nidhamu ambayo vijana waige. Niliketi nimeridhika. Mjukuu wangu, aliyekuwa kando yangu, alininong'oneza: "Bado nilitaka kuzipitia zile nyingine." Nikamwambia azipitie akipata nafasi. Tulimpa kazi ya kurasa za miadi, na nafasi hakuipata.

Sista alirudi Desemba, amekonda, amechomwa na jua. Hakusalimu kwa mizaha yake ya kawaida. Aliweka daftari mezani pangu, akalifungua kwa viganja viwili.

Lilikuwa daftari lake la wodini. Kila mtoto aliyeletwa na mboni nyeupe aliandikwa humo, na kando ya jina la mzazi kulikuwa na swali ambalo Sista aliwauliza wote na kuwaagiza wenzake waendelee kuuliza: umetusikia wapi? Katika miezi saba kabla ya yeye kuondoka, wazazi kumi na wanne walikuwa wamejibu "mtandaoni". Tisa kati yao walileta watoto wao katika mwezi uleule walioona ishara.

"Sasa tazama tangu niondoke," akasema.

Nilitazama kuanzia Mei. Zahanati. Zahanati. Jirani. Gari la kliniki. Juni mmoja alikuwa amejibu "mtandaoni", siku ya nne. Baada ya hapo neno hilo halikuonekana tena.

"Watu wameacha simu?" akauliza Sista. "Au sisi tumefanya nini?"

Mjukuu wangu alikuwa amekwisha kugeukia kompyuta. Aliifungua ripoti ya utafutaji, ambayo hutunza takwimu za miezi kumi na sita, akachagua ukurasa mmoja tu katika blogu nzima, naye alijua ni upi bila kuambiwa. Mstari ulikwenda kama kilima kidogo, wiki kwa wiki, hadi katikati ya Juni. Hapo, roboti ilipokwisha kupita na kuliona lile neno letu, ukaanguka. Chini ya mchoro yalipangwa maneno ambayo watu walikuwa wameyatafuta hadi wakaufikia: jicho la paka kwa mtoto. Mtoto jicho linang'aa kama paka. Jicho la paka ni ugonjwa gani.

"Makala yenyewe haikuwaleta?" nikauliza.

"Makala yenyewe haina hilo neno, Babu. Popote. Si kichwani, si ndani. Hata lebo tuliificha chini yake. Neno lilikuwa kwenye ukurasa ule peke yake."

"Na maelezo niliyoyaandika pale," Sista akasema taratibu, "aliyasoma nani kabla ya kuutoa?"

Feni ililalamika juu yetu. Mjukuu wangu alifungua kinywa.

"Ni mimi," nikasema mapema kuliko yeye. "Niliona jina, nikalijua, nikaliwekea alama. Maelezo sikuyasoma."

"Mimi niliweka noindex kwa mkono wangu," akasema mjukuu wangu. "Na nilijua haikupimwa."

"Uliomba siku nne, nikakunyima."

Sista alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akaweka kidole kwenye jina lililoandikwa wiki iliyopita.

"Huyu yuko wodini. Binti wa miaka miwili na nusu. Mama yake ni msusi. Aliona kwenye picha mwezi wa Julai, akatafuta. Ameletwa na gari la kliniki, mimi nikiwamo ndani yake. Jumatatu wamelitoa jicho, na jana majibu ya maabara yamerudi: mshipa umeguswa. Daktari anaanza dawa kali wiki hii." Alifunga daftari. "Daktari akianza na 'tutajaribu', Mwalimu, mimi huwa naelewa."

Tulifanya kilichopaswa kufanywa. Nilisema ukurasa wa lebo urudishwe kama ulivyokuwa. Mjukuu wangu alitikisa kichwa, na safari hii hakunyamaza.

"Tukiurudisha tutakuwa na kurasa mbili dhaifu za jambo moja. Neno liingie kwenye makala. Kichwani, kwenye aya ya kwanza, na zile sentensi nne za Sista ziwe ndizo za kufungulia. Halafu anwani ya lebo nitaielekeza kwenye makala, ili hata aliyekuwa ameihifadhi afike. Na zile mia tisa nyingine naanza kuzipitia leo, moja moja. Usinipe kanuni."

"Sikupi."

"Andika wewe kichwa, basi."

Niliandika: "Jicho la Paka: Mboni ya Mtoto Inapong'aa Nyeupe". Sista alisoma juu ya bega langu, akasema kiache hivyohivyo. Mjukuu wangu akaipandisha, akaiomba injini ya utafutaji ije kuupitia ukurasa upya.

"Itachukua muda gani?"

"Siku chache. Au wiki kadhaa. Naweza kuomba, Babu, siwezi kuamuru. Kutoka ni kwepesi kuliko kurudi."

Nilivaa koti langu. Aliponiuliza ninakwenda wapi, nilimwambia wodini. Akainuka naye.

"Tulikuwa wawili."

"Aliyetia sahihi ni mmoja. Kaa chini."

Msusi alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbi wa wodi, mwanamke kijana mwenye vidole vyenye alama za uzi, na mapajani mwake alikuwa na binti mnene aliyefungwa bandeji upande wa kushoto. Walimwita Bonge, na lile jina lilimfaa. Alikuwa akila biskuti kwa bidii ya mtu aliyeajiriwa kuimaliza. Alinikagua kwa jicho lililobaki.

"Mama, babu huyu ana ndevu za mbuzi."

"Nyamaza wewe! Samahani, mzee wangu. Hajui adabu tangu apewe hizi dawa za maumivu, kila kitu anacheka."

"Amesema kweli," nikasema. "Shikamoo yake ameisahau tu."

"Shikamoo mbuzi," akasema Bonge, akarudi kwenye biskuti yake.

Niliketi. Nilimweleza msusi mimi ni nani na nafanya kazi gani, kisha nikamwomba anisimulie alivyotafuta. Alitoa simu yake, akanionyesha picha ya siku ya kuzaliwa, mtoto kashika kijiko, jicho moja jeusi na moja jeupe kama kifungo.

"Bibi yake ndiye aliyesema, mbona mtoto ana jicho la paka? Nami nikaandika vilevile alivyosema bibi. Nikaletewa paka, mzee wangu. Paka wa kila rangi. Nikaletewa pete za jiwe la jicho la paka. Halafu akaja mtu mmoja anauza dawa ya kuondoa kijicho, anasema mtoto ametazamwa vibaya. Nilimtia dawa hiyo miezi miwili. Haikumsumbua, na jicho lenyewe halikuwa likimuuma, nikasema labda mambo yanatulia." Alimpangusa mtoto makombo kidevuni. "Ningeandikaje? Niambie wewe uliyesoma. Ningeandikaje ili mnione?"

"Uliandika sawasawa," nikasema. "Tulikuwa na ukurasa wenye maneno hayohayo. Mwezi wa Mei ungeandika hivyo, ungekuwa wa kwanza kukutokea, na ungekwambia umlete siku ileile. Mimi niliuondoa katika utafutaji. Nilihesabu ndani yake kuna makala moja tu, nikaona hautoshi."

Hakuelewa mara moja. Nilimweleza tena, kwa maneno machache zaidi, nisijifichie popote. Nilimwona akielewa. Mkono uliokuwa ukipangusa makombo ulisimama.

"Wangapi wengine?" akauliza hatimaye.

"Daftari la Sista linaonyesha kwamba kwa miezi kama hiyo walizoea kuja kumi na wanne. Mmoja alikuja kabla ukurasa haujatoweka. Wewe umefika kwa gari la kliniki."

"Na hao waliobaki wako wapi?"

"Sijui. Mashine huandika pale tu ukurasa unapomtokea mtu. Usipomtokea, hakuna panapoandikwa kwamba alitafuta akakosa."

Ng'ambo ya ukumbi mhudumu alikuwa akipiga deki, akisukuma maji kuelekea mlangoni. Bonge alimaliza biskuti, akatafuta nyingine mfukoni mwa mama yake bila kuruhusiwa.

"Na wewe, mzee wangu, hilo neno ulikuwa unaijua maana yake? Au ulidhani ni paka kweli?"

"Nilikuwa naijua."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni. Mama yangu alilitumia."

"Basi ulikuwa unamwandikia nani?"

Muuguzi alitokea mlangoni na trei ya chuma, akaita jina la mtoto. Bonge alilitambua lile trei. Kicheko kilimtoka usoni, akajishindilia kifuani kwa mama yake, akaanza kulia kwa sauti ya chini, bila kupiga kelele, kama mtu anayejua kwamba haitasaidia. Msusi alimbeba, akaingia naye, mlango ukafungwa.

Nilikaa palepale. Ilipofika saa nne akina mama wa kliniki walianza kuingia na watoto wao, benchi likajaa, mmoja akabaki amesimama na mwanawe mgongoni. Nikainuka, nikampisha.